Wifi kageuza akaunti ya nyumbani kuwa ya biashara: kilichobadilika kwenye Instagram yake na kwa nini tulimhamishia Creator

Jumanne saa nne na nusu usiku wifi yangu ananipigia, sauti ya chini kama hataki watoto wasikie, ananiambia wifi kuna mwanaume simjui hii mara ya tatu ananipigia, mara ya kwanza kauliza bei ya keki, mara ya pili kaniuliza kama naishi peke yangu, na mi namba yangu hii sijampa mtu yeyote, hii ndo namba ya M-Pesa na ya shule ya watoto. Nikamuuliza umeiandika wapi hiyo namba, akasema sijaiandika popote. Nikafungua Instagram yake kwenye simu yangu, nikaona chini ya jina lake kuna kitufe kimeandikwa Call. Nikakibonyeza, simu yake ikaita tukiwa bado tunaongea.

Siku kumi kabla ya hapo alikuwa ameibadilisha akaunti yake kutoka ya kawaida kwenda ya biashara. Kuna mtu wa mtandaoni anayefundisha wajasiriamali alimwambia ukiwa na akaunti ya biashara unaonekana siriasi na wateja wanakupata kirahisi. Sasa hiyo kauli si uongo, lakini haikumwambia vitu vinne ambavyo ndo vilimletea shida zote, na nitavieleza kimoja kimoja kwa sababu nimeshaona watu wengi wanaingia humohumo, hasa wanaouza vitu kutoka nyumbani ambao akaunti ya familia na ya dukani ni ileile moja.

Hali yake ilikuwa hivi. Wifi anapika keki Mbezi, za bethdei na za send-off, amefanya hivyo kama miaka minne. Akaunti yake aliifungua zamani kwa ajili ya ndugu na marafiki, ikawa ya kufungwa, yaani praiveti, mpaka akukubali ndo uone. Polepole akaanza kuweka keki humo humo katikati ya picha za ubatizo na picha za watoto wa nasari. Alikuwa na wafuasi 1,840, posti 412, na maombi 63 ya watu waliotaka kumfolo ambayo hakuwahi kuyajibu, mengine makusudi kabisa kwa sababu alikuwa anawajua ni kina nani.

Kubadilisha kwenyewe ni rahisi mno na ni bure. Unaenda kwenye profaili, unabonyeza vile vistari vitatu juu kulia, unashuka mpaka Account type and tools, unabonyeza Switch to professional account. Inakuonyesha kurasa mbili tatu za maelezo ambazo kila mtu anabonyeza Continue bila kusoma, halafu inakuuliza uchague aina ya shughuli yako, halafu inakuuliza wewe ni Creator, yaani mtu anayetunga vitu vya kuposti, au Business, yaani biashara, halafu inakuletea ukurasa wa mawasiliano, barua pepe na simu, vimeshajazwa tayari. Chini ya huo ukurasa kuna maandishi madogo ya kuruka, Don't use my contact info. Wifi alibonyeza Save. Namba iliyokuwa imejazwa ni ile aliyofungulia akaunti, na ndo ikaja kukaa kwenye kitufe cha Call kwa kila anayefungua ukurasa wake.

Hilo la simu ndo lilikuwa rahisi kuliko yote kulitibu, tulilimaliza usiku uleule ndani ya dakika mbili. Unaenda Edit profile, unashuka sehemu ya taarifa za kibiashara, unafungua Contact options unaifuta namba, au ukitaka namba ibaki ila isionekane unazima Display contact info. Mi nilimwambia afute kabisa, maana kilichozimwa leo kuna siku mtu atakiwasha akichezea simu. Akamblok yule mwanaume, na kesho yake akanunua laini nyingine ya keki tu. Laini hiyo aliifungulia WhatsApp Business, na badala ya kitufe cha kupiga tukaweka linki kwenye bayo inayomfungulia mteja chati moja kwa moja na ujumbe umeshaandikwa:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20keki
```

Hapo kwenye X unaweka tarakimu tisa za namba yako, unaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Watu wengi wanaweka 2550 halafu wanalalamika linki haifunguki. Linki hii inafanya kazi kwenye akaunti ya aina yoyote, hata ya kawaida, kwa hiyo kama mtu anabadilisha akaunti kwa ajili ya kupata mawasiliano tu, hana haja ya kubadilisha.

Sasa lile la pili ndo lilimuuma. Akaunti ya Creator au ya Business haiwezi kuwa praiveti. Hamna namna, hamna setingi ya kuizunguka. Ukibadilisha ukiwa umefunga, inafunguka, na maombi yote yaliyokuwa yanasubiri yanakubaliwa yenyewe. Wale watu 63 wakaingia wote kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa ni mtu ambaye wifi alimkwepa kwa zaidi ya mwaka, siwezi kusema zaidi ya hapo kwa sababu si la kwangu kulisema, ila yule mtu alikuwa ameshapitia picha za watoto mpaka za nyuma kabisa, na tulijua kwa sababu alilaiki ya 2021.

Na kufunguka maana yake si picha mpya tu, ni kila kitu ulichowahi kuposti, pamoja na zile hailaiti za stori zilizopangwa pale juu, pamoja na maoni ya ndugu wanaotaja majina ya watoto na jina la shule. Picha ya mtoto kavaa sweta lenye nembo ya shule, chini yake bibi yake kaandika hongera mjukuu wangu na jina kamili, hiyo ukiwa na wafuasi 1,840 unaowajua ni jambo moja, dunia nzima ikiiona ni jambo jingine kabisa. Wifi alilia, na mi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kukaa naye tuanze kutoa.

Tulitoa kwa akaivu, si kwa kufuta. Kwenye vile vistari vitatu kuna Your activity, ndani yake kuna sehemu ya posti zako, unabonyeza Select unachagua nyingi kwa pamoja halafu Archive. Posti ikiakaiviwa haionekani kwa mtu mwingine yeyote ila laiki na maoni yake yote yanabaki, siku ukitaka unairudisha ikakaa palepale pa zamani. Tulichagua posti 156 za familia, ikatuchukua kama saa moja na nusu kwa sababu kila picha alikuwa anasimama kuiangalia. Hailaiti tukazipitia moja moja kwa mkono. Wale 63 pia tukawatafuta kwa mkono, kwa sababu kurudisha akaunti kuwa praiveti baadaye hakuwatoi, mtu akishakuwa mfuasi anabaki mfuasi mpaka umwondoe. Wafuasi wapya wanakaa juu kwenye orodha kwa hiyo haikuwa kazi kubwa, tuliwaondoa 20 na kitu tukawaacha wengine ambao walikuwa wateja wa kweli waliosubiri kukubaliwa muda mrefu, masikini.

Kama ningekuwepo siku anabadilisha ningemshauri kufanya kinyume: kwanza uakaivu picha za nyumbani, pili upitie orodha ya maombi ukatae usiowataka, ndo ubonyeze kubadilisha. Mpangilio huo ukiugeuza hakuna kitu kinachokurudishia yale masaa ambayo milango ilikuwa wazi.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza hapa ni kwa nini asifungue akaunti mpya ya keki akaacha ile ya nyumbani ikae. Kwa mtu anayeanza leo mi nasema fungua mpya, bila kufikiri mara mbili. Ila yeye wateja wake ndo walewale, mashangazi wa kanisani, wazazi wa darasani, watu aliosoma nao, na posti za keki za miaka minne zilikuwa humo na maoni ya watu waliokula. Kuwahamisha watu 1,840 kwa kuwaomba nifolo huku ni kazi ngumu, wengi hawaji. Kwa hiyo tulifanya upande wa pili: ya zamani ikabaki ya keki, na familia ikafunguliwa akaunti mpya, ya kawaida, imefungwa, watu 90 tu. Apu ileile inakubali kuingia akaunti zote mbili, unabonyeza jina lako juu unahama.

Hayo yakaisha. Tukaja kwenye la tatu, muziki.

Wiki ya kwanza ya biashara wifi alitengeneza Reels ya keki ya send-off, ghorofa tatu, ya dhahabu na kijani, akaenda kutafuta wimbo wa bongofleva ambao mwezi mmoja nyuma alikuwa ameutumia. Akaandika jina, hauji. Akaandika jina la msanii, zinakuja nyimbo za watu asiowajua, za vinanda vinanda kama muziki wa kwenye lifti. Akafikiri ni bando, akazima simu akawasha, akafuta apu akaweka upya. Mi nilipoambiwa nikajua ni nini hata kabla sijaona, kwa sababu aina ya Business ndo inakata maktaba ya nyimbo za kawaida. Unabaki na mkusanyiko unaoitwa Meta Sound Collection, ambao ni muziki ulioruhusiwa kutumika kibiashara bila kulipia, na nyimbo zile zinazovuma mtaani humo huzikuti.

Sababu yake ni ya mikataba. Wenye nyimbo walipokubali nyimbo zao zitumike kwenye Instagram, waliruhusu mtu binafsi ajifurahishe nazo, aimbe, acheze, aweke kwenye video ya harusi ya dadake. Kuweka wimbo kwenye tangazo ni ruhusa nyingine, inalipiwa tofauti, na unaiomba kwa mwenye wimbo mwenyewe. Akaunti ikijitangaza kuwa ni Business, basi kila inachoposti kinachukuliwa kuwa ni cha kibiashara, kwa hiyo maktaba inafungwa. Creator inaonwa kama mtu, mtunzi, msanii, mpishi, kwa hiyo maktaba inabaki kubwa kama ya akaunti ya kawaida.

Wifi kusikia hivyo akasema basi nihamishie Creator saivi hivi. Nikamwambia tutahama ila sikiliza kwanza. Masharti ya muziki ya Meta yanakataza kutumia nyimbo kwa shughuli za kibiashara kama huna leseni, na hayasemi Creator ameruhusiwa. Kinachobadilika ukiwa Creator ni kwamba maktaba inakufungukia, haimaanishi kila unachoweka humo kimehalalishwa. Na hili utaliona kwa macho siku utakapotaka kulipia posti isambae, kwa sababu Reels yenye wimbo wa maktaba haikubali kubusti. Unabonyeza Boost inakwambia haiwezekani, na hapo umeshaipenda hiyo video, umeshaiediti usiku kucha, na kuiondolea wimbo mara nyingi maana yake ni kuiposti upya ikiwa na laiki sifuri.

Kuna wanaokwepa kwa kuupiga wimbo kwenye spika pembeni wakati wanarekodi. Hilo nalo nimeona mwisho wake, mfumo unautambua wimbo hata ukiwa nyuma ya kelele za jikoni, na sauti ya video nzima inazimwa, pamoja na maelezo yako uliyokuwa unayasema.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi kabla ya kuhama. Video ambayo si ya kuuza, kwa mfano watoto wa mteja wakikata keki na mama yao karidhia, au yeye mwenyewe akifurahi jikoni Jumamosi usiku oda zimeisha, hizo ataweka wimbo anaoupenda. Video yenye bei, yenye namba, yenye agiza sasa, hizo anatumia sauti yake mwenyewe au sauti ya jikoni. Na yoyote anayofikiria kuja kuilipia, hata kama haina bei, haiwekewi wimbo wa mtu.

Kuhama kutoka Business kwenda Creator ni palepale kwenye Account type and tools, safari hii unabonyeza Switch account type, unakuta chaguo mbili, Switch to personal account na Switch to creator account. Akachagua ya pili, akachagua tena aina ya shughuli. Alipofunga apu akafungua, maktaba imerudi, aliucheza ule wimbo wake mpaka mwisho akiwa amekaa kwenye ndoo jikoni.

Hapa kuna jambo aliloniambia ambalo nalisikia kila siku na naomba nikae nalo kidogo. Aliniambia wifi hii biashara imenipunguzia watu makusudi, wanataka nilipie. Ushahidi wake ulikuwa kwamba Reels zake za zamani zilikuwa zinafika kama mara 900 za kutazamwa, na zile tano za baada ya kubadilisha hazikuzidi 400. Nikamwambia twende tuzitazame zote. Zile za zamani zilikuwa na nyimbo, sura yake, watoto, kicheko. Zile tano mpya zote zilikuwa picha za keki zinapita moja baada ya nyingine, juu yake maandishi meupe ya kilo moja 35,000, kilo mbili 65,000, na muziki wa lifti. Kwa hiyo siku ileile alipobadilisha aina ya akaunti alibadilisha pia muziki na alibadilisha pia anachoposti, vitu vitatu kwa mpigo, sasa utasemaje ni kipi kilichoshusha? Mi kwa maoni yangu ni hivyo viwili vya mwisho, kwa sababu hata mimi ndugu yake nilizipita zile video bila kumaliza.

Na hakuwa na takwimu za zamani za kulinganisha vizuri, hilo nalo lazima mtu alijue. Akaunti ya kawaida inakuonyesha laiki, maoni na mara ngapi Reels imetazamwa, basi. Zile takwimu zenyewe, Insights, za watu wangapi umewafikia, wangapi ni wafuasi na wangapi si wafuasi, wako mji gani, saa ngapi wako hewani, zinaanza kukusanywa siku unapobadilisha kwenda mbele. Posti za nyuma ya hapo hazipati. Na ukirudi akaunti ya kawaida zile ulizokusanya zinapotea, hata ukibadilisha tena wiki ijayo unaanza moja. Ndo maana siwashauri watu kurukaruka, leo biashara kesho kawaida, kila ruko unachoma kumbukumbu zako mwenyewe.

Tulifanya jaribio dogo la Reels mbili baada ya kuwa Creator. Ya kwanza keki ya bethdei ya mtoto na wimbo wa bongofleva. Ya pili hamna wimbo kabisa, simu imesimamishwa kwenye kopo la unga, anapaka krimu kwa lile bapa la chuma, unasikia chuma kinavyokwaruza pembeni ya keki, halafu kisu kinaingia, kile kisauti laini cha keki ikikatika, na mwishoni anasema kwa sauti yake ya kawaida hii ni vanila na ndimu ya kesho asubuhi Tabata. Ya kwanza ilitazamwa mara 870 na ya pili 1,120. Video mbili hazithibitishi kitu, namwambia na nawaambia, ila zilitosha kumtoa kwenye hofu kwamba akaunti imefungiwa, na zilimwonyesha kwamba anaweza kuwa na video yenye watu ambayo siku akitaka kuilipia hakuna wa kumkatalia.

Jambo la nne lilikuwa la kimyakimya, na ndo lililomkosesha hela. Inboksi ya akaunti hizi inagawanyika. Kwenye akaunti ya kawaida ujumbe unakaa sehemu moja na pembeni kuna Requests za usiowajua. Ukiwa Creator au Business unapata Primary na General, halafu Requests inabaki. Ujumbe wa mtu usiyemjua unaingia Requests kama zamani, ila sasa ukiukubali unaulizwa uende Primary au General, na kwenye General kengele ya simu inaweza isilie. Mtoto wake mkubwa, ambaye ndo humsaidia kukubali ujumbe, alikuwa anabonyeza General kwa sababu aliona neno Primary akafikiri ni ya mambo ya shule ya msingi, mtoto wa darasa la sita, utamlaumu vipi.

Tulipofungua General tulikuta mazungumzo 17. Mengi ni ya kuuliza bei na kunyamaza, lakini manne yalikuwa oda zenye tarehe, moja ni keki ya send-off ya watu 150 Goba, dada wa watu kaandika mara tatu, ya mwisho kasema basi dada naona uko bize nimepata kwingine. Tarehe ilikuwa imepita siku mbili. Wifi alimwandikia akamweleza ukweli kilichotokea na kumwomba radhi, hakujibiwa siku ile.

Dawa yake ilikuwa kuhamisha mazungumzo yote ya wateja kwenda Primary, unabonyeza na kushikilia jina la mtu halafu unahamisha, na kuingia kwenye setingi za taarifa za simu kuwasha kengele za General pia. Halafu tukatumia kitu kimoja kizuri ambacho akaunti ya kawaida haikuwa nacho, yale majibu yaliyohifadhiwa. Unaandika jibu refu mara moja, unalipatia neno fupi, siku nyingine ukiandika lile neno jibu zima linakuja. Lake la bei linaitwa bei, na ndani yake kuna kilo, ladha, siku ngapi kabla ya kuagiza, na kwamba nusu inalipwa mbele. Zamani alikuwa anaandika hayo yote kwa kidole huku mkono mwingine una unga.

Na Insights nayo, baada ya siku 30 za Creator, ilitoa jambo ambalo hatukulitegemea. Kwenye miji ya wafuasi wake Dar es Salaam ilikuwa ya kwanza kama tulivyojua, lakini kwa watu waliofikiwa na Reels ambao si wafuasi, sehemu kubwa walikuwa Mwanza, Arusha na Nairobi. Watu wazuri, wanasifia, ila keki ya krimu haipandi basi la Mwanza. Ndo ikaeleza kwa nini alikuwa anapata maoni mengi ya naomba bei halafu hakuna oda. Kilichofanyika ni kubadilisha lile jina nene la juu ya bayo, si lile la kuingilia, kutoka jina lake na la mume wake kwenda Keki Mbezi, Dar es Salaam, kwa sababu jina hilo linatafutika mtu akiandika keki mbezi kwenye kisanduku cha kutafuta. Ukilibadilisha kuwa mwangalifu, linaruhusiwa kubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14, yeye alikosea herufi ya kwanza akabakiwa na nafasi moja. Na kila video sasa anataja mtaa anaopeleka, Tabata, Goba, Kimara, kwa mdomo na kwa maandishi.

Saa nayo ilikuwa ya kushangaza kidogo. Alikuwa anaposti saa nne asubuhi watoto wakiwa shule, Insights ikamwonyesha watu wake wako hewani zaidi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne. Saa hizo yeye yuko kwenye oveni. Akaunti za aina hii zinaruhusu kupanga posti mapema ndani ya apu, mpaka siku 75 mbele, kwa hiyo anaandaa Jumapili mchana video tatu, anaziwekea tarehe na saa mbili na nusu usiku, zinatoka zenyewe.

Alichokikosa kwa kuacha Business ni kidogo. Anwani ya duka na kitufe cha ramani, ambavyo kwa mtu anayepikia nyumbani kwake hatutaki hata kuvisikia. Angekuwa na fremu barabarani, au mgahawa watu wanakuja kukaa, ningemwachia Business na ningemfundisha kuishi bila nyimbo, maana mtu aliyepotea njia anayetafuta duka lako ana thamani kuliko mtu anayecheza wimbo. Neno la shughuli chini ya jina tulilificha pia, lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza na yeye hakulipenda, kuna swichi yake palepale karibu na ile ya mawasiliano.

Yule dada wa Goba alijibu baada ya wiki tatu. Aliandika pole dada hata mimi inboksi yangu imenivuruga, mdogo wangu ana kitchen party mwezi ujao, unapika ya watu 80? Ujumbe uliingia Primary, simu ikalia, wifi akaandika neno bei kisha akalifuta akamjibu kwa maneno yake mwenyewe.